Kuzima mshtuko si kuzima moyo: kisa cha Mzee Salehe na betri yake

Simu iliita saa 9 usiku. Alikuwa Hamisi, mtoto wa kwanza wa mgonjwa wangu, na hakusalimia. "Daktari, betri inampiga baba. Imeshampiga mara tatu tangu tulale." Akiwa bado anaongea nilisikia mguno nyuma yake, si kilio, ni ile sauti ya mtu aliyegongwa kifuani bila kutarajia. Hamisi akasema, "Hiyo ya nne."

Siku 11 kabla ya usiku huo nilikuwa nimemruhusu mzee arudi nyumbani akiwa na faili nililolionea fahari. Ndani yake kulikuwa na mahali anapotaka kufia, nani apigiwe simu kwanza, kipimo cha mofini na la kufanya pumzi ikikata. Kuhusu kile kifaa hapakuwa na hata mstari mmoja. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki.

Mgonjwa

Nitamwita Mzee Salehe. Jina si lake, na baadhi ya mambo ya familia nimeyabadilisha. Alikuwa na miaka 66, fundi mstaafu wa injini za reli, mkazi wa Makorora, Tanga. Mwaka 2015 alipata shambulio la moyo lililoua sehemu kubwa ya misuli ya upande wa kushoto. Mwaka 2017 alipelekwa India kwa matibabu, akarudi na kifaa kilichofukiwa chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga wa kushoto, chenye waya uliopitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Kadi aliyopewa iliandikwa ICD. Nyumbani kwake, kama kwenye nyumba nyingi, kiliitwa betri.

Neno hilo lina balaa lake. Kwetu huitwa betri kifaa kinachousukuma moyo unaopiga polepole mno, na huitwa betri vilevile kifaa kinacholinda dhidi ya mapigo ya kasi ya hatari kwa kuupiga moyo shoti ya umeme. Cha mzee kilikuwa cha aina ya pili. Kilikuwa na uwezo mdogo wa kusukuma pia, lakini kilianza kusukuma pale tu mapigo yaliposhuka chini ya 40 kwa dakika, jambo ambalo kwake halikuwa likitokea. Kwa familia tofauti hiyo haikuwepo. Betri ni betri. Ikizimwa, redio inanyamaza.

Na walikuwa na sababu ya kuipenda. Mwaka 2020 mzee alianguka akitia udhu. Kifaa kikampiga mara moja, akafumbua macho, akauliza nani kamwaga maji. Tangu hapo Bi Zena, mkewe, alikuwa akikigusa kila asubuhi kuhakikisha kipo.

Nilipompokea wodini ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa ndani ya miezi 7. Kipimo cha eko kilionyesha kwamba ventrikali ya kushoto inasukuma asilimia 18 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo, wakati moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Shinikizo la damu lilikuwa 84/58, sodiamu 127, na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, 168. Kati ya dawa za kuulinda moyo, enalaprili ilikuwa imeshaachwa kwa sababu kila akiimeza anaona giza, na kavediloli ilikuwa imepunguzwa hadi kipimo cha chini kabisa. Nyama za mabega na za kati ya vidole zilikuwa zimekwisha.

Pumzi kwanza

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya meza ya chakula, akimaliza maneno matatu kwa pumzi moja. Katika hali hiyo humuulizi mtu kuhusu wasia wala kuhusu betri. Unaanza na maji yaliyojaa mwilini.

Nyumbani alikuwa akimeza furosemaidi, dawa ya kuyatoa maji hayo kwa mkojo, mg 40 asubuhi na mg 40 mchana, bila kukosa. Hamisi aliamini dawa ni feki. Hazikuwa feki. Moyo ukishindwa, utumbo nao huvimba, na kidonge hupita bila kufyonzwa inavyotakiwa. Tulimpa ileile kwa mshipa, mg 80 mara mbili kwa siku, na kwa siku 5 uzito ukashuka kutoka kilo 61 hadi 55. Dawa za jamii ya thayazaidi, ambazo mara nyingi huongezwa mkojo unapogoma, sikumpa, kwa sababu hushusha sodiamu, na yake ilikuwa imeshashuka. Katika mazungumzo ikajitokeza pia kwamba kwa wiki 3 alikuwa akinunua diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya magoti. Dawa hiyo huufanya mwili ushikilie maji na chumvi na huziumiza figo, na naamini ilikuwa na mkono katika kulazwa kwake mara hii. Tukaiacha, akapewa parasetamo.

Sasa oksijeni. Kipimo cha kidoleni kilisoma 94 bila mashine, kisha 95. Oksijeni humsaidia aliyepungukiwa nayo. Kwa asiyepungukiwa, mrija ule humkausha pua na kumfunga ukutani, wala pumzi haiwi nyepesi kuliko angepuliziwa hewa ya kawaida. Nilipouondoa, shangazi yake mmoja alinitazama kama mtu aliyezima taa msibani. Ilibidi nikae nao, niwaonyeshe namba kwenye kipimo mrija ukiwepo na mrija usipokuwepo, ndipo wakakubali.

Maji yalipotoka mapafu yakawa safi, miguu ikarudi kuwa miguu. Lakini bado alikuwa akitweta akienda chooni, na kila usiku mnamo saa 8 aliamka ghafla akiamini anakata roho. Hapo ndipo wengi huongeza furosemaidi tena, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu hakuna tena maji ya kutoa. Wanachokausha ni figo. Ukitaka kujua, tazama mshipa wa shingoni mgonjwa akiwa ameegemea nusu, tazama uzito, tazama kreatinini. Mshipa wa shingo umelala, uzito umetulia, kreatinini inapanda: kutweta kunakobaki si kwa maji. Ni misuli dhaifu, ni moyo usioweza kuongeza kasi, na ni hofu inayojizungusha juu ya pumzi.

Kwa kutweta kwa namna hiyo tulifanya mambo machache. Kitanda kilihamishwa karibu na dirisha, mito mitatu mgongoni na mmoja chini ya kila kiwiko, kwa sababu mikono ikiegemezwa mabega huacha kufanya kazi ya mbavu. Choo kikaletwa kando ya kitanda. Bi Zena nilimwonyesha jinsi ya kumpepea: kipepeo chake cha ukindu kiwe umbali wa mkono mmoja, upepo upige mashavu na pua, si kifua wala miguu. Neva za hisia za usoni zikihisi ubaridi hupunguza ule ujumbe wa kukosa hewa unaopokelewa na ubongo. Hilo limepimwa kwa feni ndogo ya mkononi, wagonjwa wakilinganishwa wanapojipulizia usoni na wanapojipulizia mguuni, na usoni ndiko kulikosaidia. Bi Zena alicheka: "Yaani miaka yote nilikuwa nampepea tumbo."

Kisha mofini. Tulianza na ya maji, mg 5 kwa kila ml 5, akipewa ml 2.5 kwa bomba lisilo na sindano kila baada ya saa 8. Mtu mwenye figo nzuri ningempa kila baada ya saa 4 hadi 6, lakini mabaki ya mofini hutolewa na figo. Zikiwa dhaifu hujikusanya, na mgonjwa aliyekuwa sawa Jumatatu anakuwa mzito wa usingizi Alhamisi. Dalili nilizowafundisha nyumbani ni tatu: kusinzia katikati ya maongezi, mikono kurukaruka yenyewe, na pumzi chini ya 10 kwa dakika. Wakiona mojawapo, dozi inayofuata isitolewe na nipigiwe simu. Nisiifanye mofini kuwa muujiza: tafiti zake kwa kutweta kwa ugonjwa wa moyo ni ndogo na zinapingana, na ule wa 2011 haukuona tofauti na dawa bandia kwa siku 4 za kila duru. Mimi huijaribu kwa kipimo kidogo, namuuliza mgonjwa baada ya siku 3, na kama haijamsaidia naiacha. Mzee alisema hivi: "Hewa ni ileile, ila siigombanii." Tukaiendeleza. Bisakodili ya choo ilianza siku ileile ya kwanza, maana mgonjwa wa moyo anayejikamua chooni hutweta upya.

Mazungumzo ya muda uliobaki

Hamisi alinishika mkono kwenye ukumbi wa wodi. "Daktari, mwambie atapona. Ukimwambia ukweli utamuua." Sikumbishia. Nilimuuliza kama baba yake akiniuliza mwenyewe anataka nimdanganye, akanyamaza. Nikamwomba ruhusa ya kitu kidogo: kumuuliza baba anajua nini na anataka kujua kiasi gani. Akakubali, nadhani kwa kuamini kwamba mzee hatataka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Mzee, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa wako?"

Alifikiri. "Nimekaa na injini miaka 31. Injini ikija karakana mara moja kwa mwaka, ina ugonjwa. Ikija kila baada ya miezi miwili, fundi anajua. Hasemi tu mbele ya dereva."

"Ungependa nikueleze ninavyoona mimi, au niongee na Hamisi?"

"Niambie mimi. Hamisi ana machozi ya karibu."

Nikamwambia kwamba moyo umechoka kiasi kwamba dawa za kuulinda, mwili hauzipokei tena, kwamba naogopa umebaki muda wa miezi michache, na kwamba inawezekana ikawa wiki. Nikasema naweza kukosea kwa pande zote mbili. Halafu nikanyamaza, na hili ni gumu kuliko kipimo chochote cha mofini, kwa sababu kila sekunde unataka kuijaza kwa maneno ya faraja. Alichouliza baada ya kimya hakikuwa "lini". Aliuliza, "Nitakabwa?" Nilimjibu kwamba kutweta kutakuja na tutakuwa na la kufanya kila kukija, na nikamweleza hatua kwa hatua. Hapo ndipo mabega yake yaliposhuka.

Kwa nini sikutaja tarehe? Saratani nyingi hushuka kama mteremko, na mwisho unauona ukija. Moyo hushuka kama ngazi mbovu: mgonjwa anaporomoka, anapanda nusu, anaporomoka tena. Kila anapopanda familia inasema kapona. Hata zile fomula za kukokotoa muda huwapa wagonjwa wa hatua ya mwisho muda mrefu kuliko wanaoupata. Ninachokiamini zaidi ni mkusanyiko wa ishara: kulazwa mara kwa mara, dawa za msingi kupunguzwa kwa sababu ya shinikizo, sodiamu na figo kuharibika pamoja, kukonda, na kifaa kuanza kupiga. Mzee alikuwa nazo zote isipokuwa hiyo ya mwisho. Nilizihesabu hizo nne, nikaandika kwenye faili, na akili yangu haikugonga kwamba ya tano imelala kifuani mwake, imewashwa.

Usiku wa sumaku

Usiku ule Hamisi aliponipigia, kabla ya kwenda kwao nilipitia chumba cha upasuaji, kwa sababu watu wa nusukaputi huwa na sumaku ya duara yenye tundu katikati, kwa ajili ya wagonjwa wenye vifaa wanaopasuliwa kwa kisu cha umeme. Ukiiweka juu ya kifaa kama cha mzee, ulinzi wa mapigo ya kasi unasimama kwa muda wote sumaku ikiwa pale, ukiitoa, unarudi. Kazi ya kusukuma moyo unaokwenda polepole haiguswi. Kwa kifaa ambacho kazi yake ni kusukuma tu, sumaku hufanya kingine kabisa: hukifanya kisukume kwa kasi isiyobadilika bila kuusikiliza moyo. Ndiyo maana ile kadi ya mgonjwa isomwe kwanza. Viko pia vifaa vilivyopangwa visijibu sumaku, hivyo ukiiweka bado unakaa na kuangalia.

Nilimkuta mzee ameketi, uso una jasho, mapigo kama 170. Bi Zena alikuwa amejikunja pembeni akishika mkono wake mwenyewe. Alikuwa amemshika mumewe shoti ilipopiga, akahisi kitu kama mchomo hadi kwenye kiwiko. Nilimwambia halitamdhuru, amshike tu, lakini aliogopa, na nilielewa: mke aliyeogopa kumgusa mume wake usiku wa namna ile ni madhara ambayo hayaandikwi popote.

Nilimuuliza mzee shoti ikoje. "Mabehewa yakigongana wakati wa kuunganishwa," alisema, "na mimi ndiye ile pini ya katikati."

Sikutaka kuweka sumaku bila yeye kuelewa. Nikamwambia: nikiweka hii haitakupiga tena usiku huu, lakini mapigo haya yasipotulia yenyewe unaweza kufa usiku huu. Akajibu kabla sijamaliza: "Weka." Hamisi akatikisa kichwa kukubali. Nikaiweka juu ya kile kivimbe, kifaa kikatoa mlio, nikaibana kwa plasta ya karatasi pande nne na kuwaambia asilalie upande huo. Nikampa ml 2.5 za mofini. Mapigo yaliendelea kwenda kasi kwa dakika 40 hivi, mzee akiwa mweupe na akitweta, kisha yakatulia yenyewe. Alilala hadi jua lilipochomoza.

Damu iliyochukuliwa asubuhi ilionyesha potasiamu 2.9, kiwango cha chini kinachoweza kuvuruga mapigo. Furosemaidi ilikuwa imeitoa, nami sikuipima tangu aondoke wodini. Hilo nalo ni la kwangu.

Kuamua

Hamisi, akiwa kijana mwelewa, aliuliza swali ambalo ningelitegemea kwa mwanafunzi wa udaktari. Kama chanzo ni potasiamu, si tuirudishe kisha tuiache betri kama ilivyo? Ni swali la haki. Kwa mgonjwa ambaye bado ana miaka mbele yake ndilo jibu: rekebisha chanzo, acha ulinzi. Kwa baba yake tuliirudisha kwa vidonge na nikamwanzishia amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, kwa sababu mapigo ya kasi yenyewe ni mateso. Lakini ilibidi niwaeleze kifaa hiki kinalinda dhidi ya nini. Kinalinda dhidi ya kifo cha ghafla. Hakiongezi nguvu ya moyo, hakipunguzi maji, hakigusi pumzi. Kwa mtu ambaye moyo wake unaishia, kufa kwa mapigo kuvurugika, mara nyingi usingizini, ndiyo njia fupi. Kifaa kikiifunga njia hiyo, inayobaki ni ile ndefu ya kutweta. Na mwishoni kabisa, mwili unapozimika, mapigo huvurugika mara nyingi, na kifaa hakijui kama hiki ni kifo kinachostahili kuzuiwa. Kinapiga.

Hili si la kufikirika. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha mahojiano na ndugu wa marehemu 100 waliokuwa na vifaa hivi: ni 27 tu waliowahi kuzungumziwa kuhusu kukizima, na 8 walipigwa shoti dakika za mwisho za uhai. Nchini Uswidi vifaa vilivyotolewa kwa maiti vilisomwa, matokeo yakatoka 2014, na karibu theluthi moja walikuwa wamepigwa ndani ya saa 24 za mwisho.

Binti yake aliye Maskati alijiunga kwa simu, sauti imewekwa juu ili wote wasikie. "Mnazima betri? Mnamuua baba!" Hapo ndipo lile neno lilipotudai. Nililiacha kabisa neno betri, nikasema kifaa kina kazi mbili. Moja ni kuupiga moyo unapokwenda kasi. Nyingine ni kuusukuma unapokwenda polepole mno. Tunazungumzia kuzima ya kwanza. Ya pili inabaki, kwa sababu haimuumizi, na kwa wengine ikiondolewa huleta kizunguzungu na kutweta. Kwa wale wenye vifaa vinavyosukuma pande zote mbili za moyo kwa pamoja, kazi hiyo ndiyo inayowapa pumzi kidogo waliyo nayo, na kuizima ni kuwaongezea dalili. Moyo wa baba utaendelea kupiga dakika ileile tunapozima mshtuko, na hatasikia kitu.

Binti hakuridhika. Mzee ndiye aliyemalizia, akiwa ameegemea mito yake. "Mama, sikiliza. Injini ikifa, stata si injini. Ukiendelea kubonyeza stata unaunguza waya tu. Daktari anataka kutoa mkono kwenye stata." Upande wa pili pakawa kimya, kisha akaanza kulia taratibu.

Mzee aliomba pia aitwe shekhe wa msikitini kwake. Shekhe aliniuliza maswali mawili tu: je, kitendo hiki chenyewe kinaua, na je, kuna matumaini ya kupona kinayoyakata? Nikajibu hapana kwa yote mawili. Akasema matibabu ni sababu, na sababu iliyobaki kuwa mateso bila tija mtu halazimiki nayo. Siku yake ya kufa imeandikwa. Wanataaluma wa vifaa vya moyo nao, katika mwongozo wao wa Marekani wa 2010, walifika pale pale kwa njia nyingine: kuacha tiba ambayo mgonjwa haitaki tena si kumuua, na kinachomuua ni ugonjwa wake.

Yuko mgonjwa mwingine, wa zamani, ambaye baada ya mazungumzo kama haya alisema kiachwe, kwa sababu kila siku moja ilikuwa na thamani kwake hata kwa shoti. Tukakiacha. Nami ningesema tu kwamba mazungumzo hayo yafanyike mtu akiwa bado anamaliza sentensi zake, si kando ya sumaku saa 9 usiku.

Dakika 10 za mashine

Sumaku ni ya muda. Hulegea mgonjwa akioga, na plasta huchubua ngozi nyembamba. Ili kuzima kabisa unahitaji mashine ya kupanga vifaa, na ya kampuni moja haisomi kifaa cha kampuni nyingine. Kadi ya India ndiyo iliyotuokoa. Bila hiyo ningetafuta jina la kampuni kwa eksirei ya kifua. Mashine ilikuwa Dar es Salaam, karibu kilomita 350, na kumsafirisha mzee saa 6 barabarani lilikuwa jambo nisilolitaka. Tukakubaliana fundi wa kliniki ya vifaa aje nayo kwa basi. Alifika siku ya tatu.

Aliweka kichwa cha mashine kifuani, akasoma kumbukumbu: mapigo ya kasi mara 6 usiku ule, shoti 4, mawili yakiwa yametulizwa kwa kusukumwa haraka bila shoti. Nilimwomba azime shoti na huko kusukuma kwa haraka pia, kwa sababu nako huweza kumgeuzia mtu mapigo yakawa mabaya zaidi, halafu hakuna tena shoti ya kuyarudisha. Akaacha ya chini, ile ya 40 kwa dakika. Akachapa karatasi yenye hali ya awali na hali mpya, tukasaini, nakala moja ikaingia kwenye faili na nyingine akapewa Bi Zena. Mzee aliuliza, "Mmeanza?" Fundi akamwambia wameshamaliza.

Sumaku niliirudisha chumba cha upasuaji. Walikuwa wameitafuta.

Wiki 5

Alikaa nyumbani wiki 5. Mara mbili uzito ulipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, na muuguzi alikwenda kumchoma furosemaidi kwa siku mbili mbili. Safari hii potasiamu ilipimwa. Mapigo ya kasi yalirudi angalau mara moja. Alisema kifua kinakimbia, akapepewa, akanywa mofini, yakapita. Bi Zena alirudi kulala akiwa amemshika mkono. Mzee aliyaandika madeni yake kwenye daftari la shule, moja likiwa la spana alizoazima 1998.

Siku 2 za mwisho hakuweza kumeza vidonge, tukaviacha vyote. Mofini ilitiwa kidogo kidogo ndani ya shavu, na alipokuwa akihangaika usiku muuguzi alimpa midazolamu, dawa ya kutuliza, mg 2.5 chini ya ngozi, mara moja. Alifariki Jumanne alasiri, mkewe akimpepea. Hamisi alisema pumzi zilipungua hadi wakaanza kuhesabu nafasi kati ya moja na nyingine.

Baada ya saa moja akanipigia tena. Waosha maiti walikuwa wamefika, wamesikia habari za kile kifaa, na wamesimama mlangoni hawataki kumshika. Walitaka kujua kama kitawapiga, na kama lazima kitolewe kabla ya kuzikwa. Nilimwambia awasomee ile karatasi ya mashine, mstari wa shoti, waone umezimwa. Kama ungekuwa umewashwa ningewaambia wasubiri nije na sumaku. Na kwa kuzikwa ardhini hakitolewi. Hutolewa kwa wanaochoma maiti, kwa sababu hulipuka motoni. Nilisikia akisoma kwa sauti, halafu sauti ya maji yakimiminwa kwenye beseni.